Noti Namba Thelathini na Sita

Miaka ile nilikuwa wakili mchanga katika ofisi moja ndogo katikati ya jiji la Nairobi. Tulikuwa watu wanne tu: Mzee mwenye ofisi, mimi, wakili mwenzangu wa rika langu aliyekuwa akiishi Parklands na familia ya kakake, na sekretari wetu, mama mmoja mtulivu aliyeanza kazi pale enzi za mashine za taipu. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule karibu na Adams Arcade, na kila asubuhi nilifika kazini nikiwa na viatu vya kutembelea miguuni na vya ofisi mkobani.

Mteja ninayetaka kumkumbuka hapa alikuwa mwalimu mstaafu. Sote tulimwita Mwalimu, hata Mzee, ambaye alimzidi umri kidogo. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha unyamaze ili umsikie. Nyumba yake ilikuwa Muthangari, kwenye ploti kubwa ambayo yeye na mumewe waliinunua siku ambazo watu bado waliona kule ni mbali na mji. Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ua wa michongoma, kulikuwa na kipande cha ardhi alichokuwa hakitumii. Zamani jirani mmoja alimwomba akitumie kupandia miche ya maua na miti ya kuuza kando ya barabara, naye akamkubalia. Kila Krismasi jirani alikuja na kikapu cha mboga na maua, akashukuru, akauliza kama anaweza kuendelea mwaka mwingine. Kila Krismasi Mwalimu alimwambia aendelee.

Kisha jirani alizeeka, akarudi kwao mashambani, akamwachia mwanawe kazi ya miche. Mwana hakuja Krismasi. Kilichokuja ni barua ya wakili wake ikisema kwamba familia yao imekalia kipande kile kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, kwa hiyo kisheria sasa ni chao. Kwa hisani yao, barua ilisema, wako tayari kukigawa nusu kwa nusu mambo yaishe.

Mwalimu alitaka kumjengea dadake nyumba pale. Dadake alikuwa amebaki peke yake Machakos na miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Mwalimu alikuja kwetu na swali moja: akubali nusu, au apigane?

Mzee alitugawia kazi, mimi na mwenzangu. Alitaka memo, yaani waraka wa maoni ya kisheria, ambayo yeye angeisoma kisha aitumie kumshauri Mwalimu. Mimi niliandika sehemu ya kwanza, ya mambo yalivyotokea na vifungu vya sheria. Mwenzangu aliandika sehemu ya pili, ya kesi zilizokwisha kuamuliwa. Jambo lenyewe, ukiliondolea maneno mengi, lilikuwa hivi: mtu akikalia ardhi yako waziwazi kwa miaka kumi na miwili bila idhini yako, anaweza kuidai iwe yake. Lakini ikiwa ulimpa ruhusa, miaka aliyokaa kwa ruhusa yako haihesabiwi. Mwenzangu alipata hukumu moja iliyosema hivyo bila kupindapinda. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya memo nzima.

Memo ya mawakili haiaminiki kwa sababu tu imeandikwa vizuri. Kila dai lina namba ndogo iliyoinuliwa juu ya mstari, na kila namba ina noti yake inayosema neno hili limetoka wapi: kifungu gani, hukumu ipi, kitabu gani, ukurasa upi. Wasomi wa Kiswahili huziita tanbihi. Sisi ofisini tuliziita noti tu. Wengi huziweka chini ya ukurasa. Mzee hakupenda hivyo. Alitaka noti zote ziwekwe nyuma, mwishoni mwa waraka, na kurasa zisibanwe pini, ili aweke maandishi upande wa kushoto wa meza na noti upande wa kulia, asome macho yakienda na kurudi. Alisema noti za chini ya ukurasa zinamkatiza kama mtu anayemnong'onezea kanisani.

Mimi niliziingiza noti zangu kwa njia ya kompyuta yenyewe: unaiambia kuna noti hapa, nayo inaipa namba, na ukiongeza au ukiondoa nyingine, namba zote zinazofuata zinajipanga upya. Mwenzangu aliandikia nyumbani, kwenye kompyuta ya kakake iliyokuwa na programu tofauti na yetu. Alijua kwamba noti zikihamishwa kutoka programu ile kuja yetu zingeharibika, kwa hiyo akaandika namba kwa mkono, moja moja, akaiinua kila namba juu ya mstari. Zangu ziliishia thelathini. Zake zikaanza thelathini na moja, zikaenda hadi hamsini na tatu. Tulipounganisha sehemu zetu mbili, alizichapa noti zake nyuma kabisa, chini ya noti yangu ya mwisho. Kwa macho ulikuwa mfululizo mmoja, safi kabisa. Ndani ya kompyuta zilikuwa ni aina mbili za namba: zangu zilizojua kujihesabu, na zake ambazo kwa kompyuta hazikuwa namba za noti hata kidogo, zilikuwa tarakimu kama tarakimu nyingine zozote.

Mzee alisoma rasimu ya kwanza, akapiga mstari aya moja katika sehemu yangu. Alisema ilirudia jambo lililokwisha kusemwa, na alikuwa na haki. Niliifuta. Aya ile ilikuwa na noti namba kumi na mbili, ikaenda nayo. Ya kumi na tatu ikawa ya kumi na mbili, na kuendelea hivyo mpaka mwisho wa sehemu yangu, ambayo sasa iliishia ishirini na tisa. Namba za mwenzangu hazikusogea. Kwa hiyo ukurasa wa nyuma ukawa na ishirini na tisa, halafu thelathini na moja. Siku ile ile nilitumwa mahakamani, na mwenzangu naye alikuwa Kiambu kwa kesi nyingine.

Mzee akaliona pengo. Alimpigia sekretari simu kutoka chumbani kwake, akamuuliza thelathini iko wapi. Sekretari akaangalia ukurasa wa noti, akaona kweli pengo lipo, akalisahihisha: thelathini na moja akaiandika thelathini, thelathini na mbili akaiandika thelathini na moja, akashuka hivyo hadi mwisho, noti za nyuma zikaishia hamsini na mbili. Alifanya alichoulizwa, tena kwa uangalifu. Hakuna aliyemwambia kwamba zile namba za ndani ya maandishi ziliandikwa kwa mkono na zingebaki zilivyo. Alidhani, kama mtu yeyote angedhani, kwamba zingefuata. Alichapisha nakala, moja Mzee akaibeba nyumbani mwisho wa wiki, nyingine zikawekwa kwenye meza zetu.

Jumatatu tulipofika alituita wote wawili chumbani kwake. Juu ya meza palikuwa na memo yetu katika mafungu mawili, kushoto na kulia, na kitabu kimoja cha hukumu kilichofunguliwa katikati. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Alimgeukia mwenzangu. "Wakili, hii kesi uliisoma mwenyewe?"

Mwenzangu akasema ndiyo, aliisoma yote.

"Hapa unasema aliyeingia kwa ruhusa hawezi kudai ardhi. Unaweka namba thelathini na sita. Mimi nimeenda kwa noti ya thelathini na sita, nimetoa kitabu, nimesoma. Jaji amempa mkaaji ardhi. Amempa yote."

Mwenzangu nilimjua vizuri. Alikuwa mtu wa kusoma hukumu mara mbili na kupigia mistari kwa rula, lakini mtu mwenye sauti ya Mzee akikuambia umesoma vibaya, unaanza kujishuku. Nilimwona akijishuku pale pale. Alisema labda alichanganya karatasi zake. Alisema angeenda kuangalia.

Mzee akasema muda wa kuangalia hakuna, Mwalimu yuko njiani, na barua ya upande wa pili inataka jibu wiki hiyo. Alieleza polepole kwamba hawezi kumpeleka mama wa umri ule mahakamani kwa hoja ambayo kesi yake yenyewe inaikana. Wakili wa upande wa pili angeisoma hukumu ile mbele ya jaji na kuketi, kesi imekwisha. Heri Mwalimu achukue nusu iliyo mkononi. Alizungumza kama daktari anayejiandaa kumkabili mgonjwa.

Tulitoka. Mwenzangu alienda moja kwa moja kwenye meza yake akaanza kutoa makaratasi kwenye mfuko. Mimi nikaenda mapokezi kwa sababu Mwalimu alikuwa ameshafika, na Mzee alitaka dakika chache ajipange. Nilichukua nakala yangu ya memo. Sijui kwa nini niliichukua. Nadhani nilitaka kuwa na kitu cha kushika.

Sekretari alikuwa amemletea chai. Mwalimu alikuwa ameketi wima, mkoba juu ya magoti, na alinikaribisha niketi kana kwamba mapokezi ni sebule yake. Akaniuliza nyumbani hawajambo. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunisimulia kuhusu yule jirani wa zamani.

"Huyo mzee hakuwahi kuniibia hata mche," alisema. "Angekuwa hapa, angemwambia kijana wake aache. Lakini amesahau watu siku hizi. Nilimpigia simu, hakunijua."

Alikunywa chai, nami nikainamisha macho kwenye memo. Nilikuwa nimeishika upande wa mwisho. Nikasoma sentensi ya mwisho ya mwenzangu, ile ya kuhitimisha, na juu ya nukta yake palikuwa na namba hamsini na tatu. Kwa mazoea tu nikafunua nyuma nione noti yake.

Haikuwepo. Noti ziliishia hamsini na mbili.

Nilidhani ukurasa umepotea. Nikazihesabu kurasa, zilikuwa kamili. Nikairudia sentensi ile. Ilizungumzia jukumu la anayedai ardhi kuthibitisha tarehe aliyoanza kuikalia. Nikasoma noti ya hamsini na mbili: ilikuwa ya hukumu kuhusu kuthibitisha tarehe. Nikarudi kwenye maandishi kutafuta namba hamsini na mbili. Sentensi yake ilizungumzia ua wa michongoma na maana yake kisheria. Noti iliyofaa, ya hukumu kuhusu ua, ilikuwa ya hamsini na moja. Nikarudi nyuma tena, na tena. Kila namba katika maandishi ilikuwa inaelekeza kwenye noti ya jirani yake. Nilitafuta mahali sehemu ya pili inapoanzia, nikaona katika maandishi namba zinaruka kutoka ishirini na tisa hadi thelathini na moja. Nyuma thelathini ilikuwepo, imeketi vizuri, lakini hakuna sentensi hata moja iliyoiita.

Kwa hiyo noti halisi ya thelathini na sita ilikuwa sasa inaitwa thelathini na tano. Na ile iliyovaa jina la thelathini na sita ilikuwa ya kesi nyingine kabisa, ambayo mwenzangu aliitaja katika sentensi inayofuata ili kuonyesha tofauti: mkaaji aliyepewa ardhi kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumruhusu. Mzee alisoma kesi halali, akaisoma sawasawa. Aliisoma tu mahali pa jirani yake.

Nilimwomba Mwalimu radhi, nikainuka. Aliniuliza kama kuna jambo baya.

"Hapana, Mwalimu. Nafikiri kuna jambo zuri. Nipe dakika."

Nilimpitia mwenzangu kwanza. Alikuwa amekwisha kuipata nakala ya hukumu aliyoipigia mistari na alikuwa ameishika huku akiikodolea macho, kwa maana ilisema vile vile alivyoandika na hakuelewa. Nilimwonyesha ukurasa wa mwisho, nikamwonyesha namba hamsini na tatu isiyo na noti. Hakuhitaji maelezo. Tukaingia kwa Mzee bila kubisha hodi, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya.

Mzee alitusikiliza. Akaangalia fungu la kushoto, akaangalia fungu la kulia. Akaweka kidole kwenye thelathini na tano, akasoma jina la kesi na namba ya ukurasa, akainuka mwenyewe kwenda kwenye rafu. Tulisimama pale tukimwangalia akisoma. Alisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani, kwa sababu midomo yake ilikuwa imeshaanza kulegea kabla hajafika chini ya ukurasa. Alipofunga kitabu aliweka kipande cha karatasi ndani kama alama.

"Mimi ndiye niliyeuliza thelathini iko wapi," alisema.

Sekretari alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya biskuti. Alielewa mara moja, akaanza kuomba msamaha. Mzee akamkatiza kwa upole. Alimwambia kwamba aliulizwa swali lisilofaa na akalijibu vizuri. Kisha akachukua biskuti moja na kumwambia amwingize Mwalimu.

Nimekaa katika vikao vingi vya wateja tangu siku ile, lakini kile nakikumbuka hata mpangilio wa viti. Mzee hakumficha Mwalimu kitu. Alimwambia kwamba saa hiyo hiyo alikuwa karibu kumshauri achukue nusu, na akamweleza kwa nini, na akamweleza kilichotokea kwa namba. Mwalimu alimfuatilia kama mtu anayesahihisha daftari. Kisha akauliza swali lililotuchekesha sote.

"Kwa hiyo hesabu ndiyo iliyokosewa, si sheria?"

"Hesabu ya kutoa moja, Mwalimu," Mzee akajibu.

Mwalimu alicheka kidogo, halafu machozi yakamtoka, halafu akacheka tena na kutafuta kitambaa mkobani. Alituambia hakuwa amelala vizuri tangu barua ile ije. Hakuwaza sana ardhi. Alichowaza ni jinsi ya kumwambia dadake kwamba asifungashe mizigo. Mzee alimwonya kwamba kesi ni kesi na jaji ni jaji, kwamba hoja yetu ni nzuri na bado si ahadi. Alihitaji mashahidi wa zile Krismasi. Mwalimu akasema mashahidi anao: kasisi aliyekuwa akimtembelea Krismasi, na msichana aliyekuwa akimsaidia nyumbani, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu Kawangware na ndiye aliyekuwa akipokea vile vikapu.

Siku iliyofuata mimi na mwenzangu tulikaa bega kwa bega mbele ya kompyuta moja tukairekebisha memo kuanzia mwanzo. Kila namba iliyoandikwa kwa mkono tulifuta, tukaingiza noti ya kweli mahali pake, tukahamishia maneno yake humo. Mwanzoni kompyuta ilitupa noti za nyuma kwa herufi ndogo za Kirumi, kama ilivyozoea, tukaiagiza itumie tarakimu za kawaida. Kulikuwa pia na sehemu zinazosema "tazama noti fulani hapo juu". Hizo nazo tuliziunganisha na noti zenyewe badala ya kuandika namba, kisha tukajifunza kwamba hazijirekebishi hadi uziamuru: unachagua waraka wote na kubonyeza kitufe cha kuzisasisha. Na kila mahali palipoandikwa "kama noti iliyotangulia" tulipaondoa tukarudia jina la kesi, kwa sababu noti ikiingizwa katikati, iliyotangulia inakuwa nyingine.

Halafu tukafanya kazi ambayo hakuna kitufe kinachoifanya. Mwenzangu alisoma sentensi kwa sauti na kutaja namba, mimi nikasoma noti ya namba hiyo, kisha sote wawili tukauliza kama zinajuana. Tulianza kwa wasiwasi. Tulipofika katikati tulikuwa tunafanya mzaha, yeye akisoma kwa sauti ya jaji, mimi kwa sauti ya karani wa mahakama. Tulipofika sentensi ya mwisho na noti yake ikawepo, alinyoosha mikono juu kama mtu aliyefunga bao.

Mzee alimjibu wakili wa upande wa pili kwa barua fupi iliyotaja hukumu ile na majina ya mashahidi. Walijaribu kubishana kwa barua mbili, ya pili ikiwa laini kuliko ya kwanza. Mwishowe yule kijana wa miche alikuja Muthangari mwenyewe na mkewe. Mwalimu alinisimulia kwa simu. Alisema kijana aliketi ukingoni mwa kiti, akakiri kwamba babake aliwahi kumwambia ardhi ile ni ya kuazima, na kwamba yeye aliposhauriwa na marafiki aliona bahati. Madai yakaondolewa kwa maandishi. Mwalimu alimpa muda ahamishe miche hadi mvua zipite, na mkewe alimwachia mche wa mbambakofi, mti unaokua mkubwa mno, ambao Mwalimu alisema hauna mahali pa kupandwa lakini angeutafutia.

Nilienda kumtembelea mara moja baada ya hapo, Jumamosi. Msingi ulikuwa umeshachimbwa. Dadake alikuwa amekwisha kuja, ameketi kivulini na mguu mmoja juu ya stuli, akiwaelekeza mafundi mahali pa kuweka dirisha la jikoni. Fundi mkuu alimwambia dirisha liko upande ule kwenye ramani. Akamjibu kwamba yeye ndiye atakayeosha vyombo, si ramani. Walimsogezea dirisha. Nilikula kwao, nikafungiwa maparachichi, nikarudi nyumbani nikalala mchana kweupe, usingizi mzito, madirisha wazi na redio ya jirani ikipiga.